Mzigo ulio kwenye shelfu si matumizi: barua kwa mama mwenye duka la viatu

Barua hii nilimwandikia mama mmoja wa Morogoro mwenye duka la viatu na mabegi ya shule. Mimi ndiye ninayemwandikia hesabu zake kila mwisho wa mwezi. Ameniruhusu niiweke hapa bila jina lake, kwa sababu kila Januari nakutana na wenye maduka wanaolia kilio hikihiki. Namba ni zake, nimezikata kidogo tu zisomeke kirahisi.

Mama, shikamoo.

Ujumbe wako wa jana usiku nimeupata na nimeusoma mara mbili. Unasema daftari la Desemba limetoa hasara ya shilingi 5,050,000, na kwa sababu hiyo umeamua mambo mawili. La kwanza, kumrudisha binti wa dukani kwao mwisho wa wiki hii. La pili, kumwachia yule mwenzako wa sokoni mzigo wote uliobaki kwa shilingi 4,500,000, ili kama ulivyosema, "angalau hasara ipungue". Nakuomba usifanye hata moja kabla hujamaliza kusoma hapa. Barua ni ndefu kidogo, naomba univumilie.

Kwanza nikuonyeshe hiyo hasara imetoka wapi, maana hujakosea kujumlisha. Desemba uliuza vitu vya shilingi 3,500,000. Ulikwenda Kariakoo ukaleta pea 300 za viatu vyeusi vya shule kwa shilingi 18,000 kila pea, na mabegi 200 kwa shilingi 12,000 kila moja. Gari na wapagazi vilikula 150,000. Jumla ya safari hiyo ni shilingi 7,950,000. Halafu kuna matumizi ya duka: pango, posho ya binti, umeme, mlinzi na vidogovidogo, yote kwa pamoja 600,000. Wewe ukachukua mauzo, ukatoa mzigo wote, ukatoa matumizi, ukapata 5,050,000 chini ya sifuri. Hesabu ya kutoa iko sawa kabisa. Shida ni kwamba umetoa kitu ambacho hakijatoka.

Sikia mama. Pango la Desemba limekwenda. Huwezi kwenda kwa mwenye nyumba ukamwambia akurudishie Desemba yako uitumie tena. Umeme wa Desemba umeungua. Hizo ndizo gharama, yaani hela iliyokwenda na huduma yake imeshaliwa. Lakini zile pea za viatu, nenda kafungue stoo uzitazame. Zipo, ni zako, na wiki mbili zijazo shule zikifunguliwa kila mzazi wa mtaa wenu atakuwa anazitafuta. Ulichofanya Kariakoo ni kubadilisha mali moja kwa mali nyingine. Ulikuwa na noti, sasa una viatu. Kubadilisha si kupoteza.

Na jambo hili kwenye pango unalijua vizuri kuliko hata mimi. Oktoba ulimlipa mwenye nyumba miezi sita kwa mkupuo, shilingi 1,500,000. Mbona hukuniambia Oktoba umepata hasara ya milioni moja na nusu? Ulisema, "Mwanangu, hiyo igawe, kila mwezi weka 250,000." Nikaigawa. Kwa nini? Kwa sababu miezi ya mbele ulikuwa bado hujaikaa, bado ni haki yako. Viatu ni hivyohivyo, tofauti yake ni kwamba pango linaisha kwa siku kupita, na viatu vinaisha kwa kuuzwa pea moja moja. Siku pea inapotoka mlangoni na mteja, siku hiyo ndiyo bei uliyoinunulia inakuwa gharama, na inakaa kwenye mwezi uleule uliopokea hela ya mteja. Kabla ya hapo inakaa kwenye upande wa mali, pamoja na hela ya droo na watu wanaokudai... samahani, unaowadai.

Sasa tufanye hesabu ya Desemba inavyotakiwa. Tunahitaji vitu vitatu tu: mzigo uliokuwepo mwanzo wa mwezi, mzigo ulionunua, na mzigo uliobaki mwisho wa mwezi. Mwisho wa Novemba tulihesabu, ukakumbuka, tukapata vitu vya shilingi 1,050,000 kwa bei ya kununulia. Ongeza 7,950,000 za Kariakoo, unapata 9,000,000. Hizo milioni tisa ndizo mali zote zilizopita dukani mwako Desemba. Usiku wa tarehe 31, wewe ukiwa kijijini, mimi na binti tulifunga duka saa mbili tukahesabu kila kitu, kwenye shelfu, dirishani na stoo ya nyuma. Tulikuta pea 240 za viatu vipya, mabegi 120, na vitu vya zamani vya shilingi 732,000.

Angalia hapa nilivyoziwekea bei, maana ndipo wengi wanapoharibu. Kiatu nimekiandika shilingi 18,300, begi shilingi 12,300. Ile mia tatu ya juu ni gari na wapagazi: 150,000 uliyolipa, ukiigawa kwa vitu 500, ni mia tatu kila kimoja. Kusafirisha ni sehemu ya bei ya kitu, kwa sababu kiatu kilichoko Kariakoo hakiuziki Morogoro. (Mtu akitaka kugawa kwa ukubwa wa katoni badala ya idadi, sawa tu, mradi afanye hivyo kila safari.) Kwa hiyo viatu 240 ni 4,392,000, mabegi 120 ni 1,476,000, ukijumlisha na vya zamani unafika 6,600,000.

Kwenye milioni tisa, zimebaki 6,600,000. Kilichotoka ni 2,400,000. Hiyo, mama, ndiyo gharama ya bidhaa ulizouza Desemba, si 7,950,000. Sasa chukua mauzo 3,500,000, toa 2,400,000, unabaki na 1,100,000. Toa matumizi ya duka 600,000. Umepata faida ya shilingi 500,000.

Najua utaniuliza, "Kama nimepata faida, hela iko wapi? Mbona droo ni tupu?" Swali lako ni la haki na sitalikwepa. Faida na hela ya droo ni vitu viwili tofauti. Faida yako, pamoja na akiba yako ya miezi kadhaa, pamoja na mkopo wa kikoba, vyote vimekaa stoo vikiwa na kamba na soli. Ninaposema mzigo ni mali sisemi kwamba utakwenda nao kulipa marejesho ya kikoba. Mwenye nyumba hapokei mabegi. Duka linaweza kuwa na faida nzuri kwenye karatasi na bado likakosa hela ya umeme, na ndiyo maana kila mwezi nakupa karatasi mbili: moja ya faida na hasara, nyingine ya hela iliyoingia na kutoka. Daftari lako wewe ni daftari la hela. Ni daftari zuri, endelea nalo, linakwambia droo ina nini. Ila usiliulize kama duka linalipa, maana halijui.

Wapo wanaowaambia wenye maduka madogo kwamba haya yote ni mambo ya makampuni, wewe andika tu kilichoingia na kilichotoka, inatosha. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kwa muuza chapati anayenunua unga asubuhi na jioni umeisha, sawa, itatosha. Mzigo wake haulali. Lakini mtu anayenunua Desemba na kuuza Januari, akifuata ushauri huo atadanganywa mara mbili: atalia mwezi wa kununua, na atashangilia mwezi wa kuuza.

Na huko kushangilia ndiko kunaniogopesha zaidi. Tuseme Januari mambo yamekwenda kama mwaka jana: umeuza 9,500,000, umeongeza mzigo kidogo wa 1,400,000 kwa saizi zilizoisha, na matumizi ya duka ni yaleyale 600,000. Daftari lako litakwambia umepata 7,500,000. Milioni saba na nusu kwa mwezi mmoja! Nakufahamu mama, hapo utakumbuka ada ya kijana wa chuo, utakumbuka bati la kijijini, utatoa milioni nne au tano kwa roho safi kabisa kwa sababu "ni faida". Kumbe sehemu kubwa ya hiyo hela ni mtaji wa Kariakoo uliogeuka viatu, na sasa umerudi kuwa noti. Faida yenyewe ya mwezi kama huo, ukishatoa bei ya kununulia vile vilivyouzwa, ni kama 2,400,000. Ukitoa milioni tano umekula faida yote, na juu yake umekula mtaji milioni mbili na laki sita. Hutaligundua Januari. Utaligundua siku unataka kwenda tena Kariakoo, ndipo utaanza kuuliza nani ameiba. Na wa kwanza kuangaliwa atakuwa binti.

Tukifika kwa binti, tuongee. Umesema hasara hii "haiwezi kutoka hewani". Nimekwambia ilikotoka: imetoka kwenye kuandika mali kama matumizi. Lakini kuhesabu mzigo kumetupa kitu kingine. Viatu vipya vilikuwa pea 300, tumekuta 240, kwa hiyo zimetoka 60. Daftari la mauzo analoandika yeye lina pea 60, kila moja 27,000. Mabegi yametoka 80, na daftari lina 80, kila moja 18,000. Vimelingana kimoja kwa kimoja. Kama daftari lingekuwa na pea 57 na stoo imepungukiwa 60, hapo tungekuwa na pea tatu za kuulizana, na ningekuwa wa kwanza kuuliza. Kwa daftari lako la kuingia na kutoka, pea tatu zinaweza kupotea kila wiki mwaka mzima na hutaona chochote, kwa sababu ulishaziandika kama hela iliyokwisha siku ulipozinunua. Kitu ulichokiandika kuwa kimekwisha, nani atakitafuta? Mzigo ukiuandika kama mali, lazima uulinde na uuhesabu. Ukiuandika kama matumizi, umeuacha wenyewe.

Sasa nisije nikakupa picha nzuri kupita kiasi. Si kila kitu kilichoko dukani ni mali kwa bei uliyonunulia. Kwenye vile vya zamani vya 732,000 kuna zile sendo pea 20 za juu kabisa, ulizinunua 15,000 kila moja, jumla 300,000. Nimezishusha nikazitazama. Soli zimeanza kumeguka zenyewe, ukibonyeza kwa kidole gumba zinatoka unga. Soli za namna ile laini zikikaa miaka bila kuvaliwa, joto na unyevu wa stoo vinazimaliza kutoka ndani, hata kama juu zinang'aa. Hakuna mteja atakupa 22,000 kwa zile, na ukimuuzia atarudi nazo baada ya wiki akiwa na maneno. Nimeuliza hapo sokoni, fundi mmoja anaweza kuchukua zote kwa 5,000 kila pea abadilishe soli. Kwa hiyo zina thamani ya 100,000, si 300,000.

Hiyo tofauti ya 200,000 ni gharama, na ni gharama ya sasa hivi, hata kabla hujaziuza. Kanuni ya uhasibu iko wazi: mzigo unaandikwa kwa bei uliyonunulia, au kwa hela utakayopata ukiuuza baada ya kutoa gharama za kuuzia, unachukua iliyo ndogo. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 2 ndivyo kinavyosema. Kwa hiyo naandika mzigo wako wa Desemba kuwa 6,400,000 badala ya 6,600,000, na faida yako inashuka kutoka 500,000 hadi 300,000. Hii laki mbili ndiyo hasara pekee ya kweli niliyoiona kwenye stoo yako, na wewe hukuitaja hata kidogo kwenye ujumbe wako.

Kwa sababu hiyohiyo sikuandika viatu vipya kwa 27,000, ingawa ndiyo bei unayouzia. Mtu anapenda kuona stoo yake ikisoma milioni tisa, najua. Lakini ile 8,700 ya juu ni faida ambayo mteja bado hajaileta. Ukiiandika leo umejihesabia mauzo ambayo hayajafanyika, na mwezi ukija kuuza kweli utakuta hakuna faida iliyobaki ya kuandika.

Kuna kitu kingine kidogo cha kuangalia ukihesabu, nacho ni mali kauli. Zile raba pea 12 alizokuachia yule kijana uuze kisha umlipe, sikuziweka kwenye mzigo wako, kwa sababu mmekubaliana zisipouzika anazichukua. Hizo bado ni mali yake, zimelala tu kwako. Ingekuwa umezichukua kwa makubaliano ya kulipa mwisho wa mwezi ziuzike zisiuzike, hapo ni mzigo wako, ila upande wa pili naandika deni lake. Tafadhali waambie wanaokuletea vitu waseme wazi ni lipi kati ya hayo mawili, na andikeni hata kwenye karatasi ya sigara.

Sasa turudi kwa yule mwenzako na milioni nne na nusu zake. Kwa macho ya daftari lako, mzigo ulishakwisha, ulishauandika kama hasara, kwa hiyo hela yoyote inayokuja juu yake ni kama ya kuokota. Ndiyo maana ofa yake imeonekana tamu. Kwa macho ya stoo, una mali ya 6,400,000 na mtu anataka kukupa 4,500,000. Siku utakaposaini hapo ndipo hasara itazaliwa, shilingi 1,900,000, ya kweli kabisa, na faida yote ya msimu atakwenda nayo yeye. Viatu na mabegi peke yake, vikiuzwa kwa bei yako ya kawaida, vinaleta 8,640,000. Yeye hilo analijua. Mtu hanunui pea 240 za viatu vya shule mwanzoni mwa Januari kwa huruma.

Je, kuna wakati ofa kama hiyo ni ya kukubali? Upo. Kama ingekuwa mwezi wa tatu, shule zimeshatulia, umebaki na pea 150 na nyingi ni zile saizi za pembeni, na hela ya kununua kitu kingine huna, hapo ningekwambia tukae tujadiliane. Mali ambayo haitauzika kwa bei yake si mali ya bei hiyo tena, kama zile sendo. Ila hilo tunaliamua kwa kutazama saizi zilizobaki na kasi ya kuuza, hatuliamui kwa kutazama daftari la Desemba. Kwa sasa nimeangalia, saizi za watoto wa shule ya msingi ndizo nyingi kwenye zile 240, na hizo ndizo zinazotoka mwanzo wa mwaka.

Najua pia kuna rejesho la kikoba tarehe 10, shilingi 400,000, na hili ndilo nadhani limekutia hofu kuliko hasara yenyewe. Hili ni tatizo la hela, basi tulitatue kama tatizo la hela. Weka pea 20 kwa shilingi 25,000 badala ya 27,000, ubandike karatasi mlangoni, uwatangazie akina mama wa kikoba wenyewe maana nao wana watoto. Zikiisha una 500,000 mkononi. Umelipa rejesho, na bado kila pea imekuachia 6,700 juu ya bei ya kununulia. Linganisha na kuachia stoo nzima kwa milioni nne na nusu ili upate laki nne.

Kuhusu kodi, maana uliuliza kama hasara hii itakusaidia: haitakusaidia. Wewe uko kwenye kundi la wafanyabiashara wadogo wanaokadiriwa kodi kwa mauzo, na mauzo yako ni 3,500,000 hata kama stoo imejaa au haina kitu. Na wale wakubwa wanaopeleka hesabu kamili, Sheria ya Kodi ya Mapato inawataka wafanye hivihivi nilivyofanya mimi, mzigo wa mwanzo jumlisha manunuzi toa mzigo wa mwisho. Hakuna anayeruhusiwa kununua stoo nzima Desemba akasema amepata hasara.

Ukitaka kujiridhisha kwamba sikupigii hesabu za ujanja, chukua hiyo miezi miwili kwa pamoja. Daftari lako litasema hasara 5,050,000 Desemba, faida 7,500,000 Januari, kwa hiyo umebaki na 2,450,000. Karatasi yangu itasema 300,000 Desemba na 2,400,000 Januari, jumla 2,700,000. Tumepishana 250,000 tu, na hiyo ni kwa sababu nimekadiria kwamba mwisho wa Januari stoo itakuwa na mzigo wa 1,300,000, wakati mwanzo wa Desemba ilikuwa na 1,050,000. Tofauti yetu yote ni mzigo ulioongezeka. Kwa miezi miwili tunakaribiana sana. Kwa mwezi mmoja mmoja tumeachana kwa mamilioni. Na wewe maamuzi ya kumfukuza mtu na kuuza stoo umeyafanya kwa mwezi mmoja.

Nakuomba basi hivi. Mwambie mwenzako ahsante, mzigo hauuzwi kwa jumla kwa sasa. Binti abaki angalau hadi msimu uishe, kwa sababu wiki ya kufungua shule huwezi kuhudumia peke yako, na mtu ambaye stoo na daftari lake vimelingana si rahisi kumpata. Sendo zile mpe fundi wiki hii, zinakula nafasi. Kwenye daftari lako ongeza ukurasa mmoja tu wa mzigo: kila ukinunua andika idadi na bei pamoja na usafiri, kila ukiuza punguza idadi. Usihangaike na jumla za shilingi, hizo niachie mimi.

Tarehe 31 jioni nitakuja tuhesabu tena, na safari hii nataka uwepo mwenyewe. Kabla ya siku hiyo usitoe hela ya duka zaidi ya laki tatu kwa matumizi ya nyumbani, hata droo ikijaa mpaka haifungi. Ada ya kijana wa chuo tutaipangia baada ya kuhesabu.

Nisalimie nyumbani.

Wako,
Mwandishi wa hesabu zako